Uenyekiti huzunguka, kalamu haizunguki

Kikundi cha hisa hakina meneja wala mwajiri. Watu 15 hadi 30 wanakaa duara, wanaweka fedha, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Mfumo wa sanduku lenye kufuli tatu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na leo Tanzania vikundi vya aina hii vimetajwa katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne. Katiba nyingi zinasema viongozi wachaguliwe upya kila mzunguko, yaani kila miezi tisa hadi kumi na miwili. Ukifungua vitabu vya kikundi chenye miaka sita, mara nyingi utakuta wenyeviti watatu tofauti na mwandiko mmoja tu. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Kamati ina watu watano: mwenyekiti, mtunza kumbukumbu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Nje ya kamati kuna watunza funguo watatu, wanachama wa kawaida, na wasiwe wa nyumba moja na mtunza sanduku. Kumbadilisha mwenyekiti si kazi, kwa sababu anachofanya kila mtu anakiona: anafungua kikao, anatoa nafasi ya kusema, anatoza faini. Mhesabu fedha anahesabu hadharani, mwenzake anarudia. Mtunza funguo hata mafunzo hahitaji. Mtunza kumbukumbu yuko peke yake na daftari, na wengine wanaamini tu anachowasomea. Mtu huyo akikaa miaka minne, atakuwa ndiye anayeongoza hata kama cheo cha mwenyekiti kinazunguka, maana kila swali la "nani anadaiwa kiasi gani" linaishia kwake.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu nani apokee kalamu, punguza kinachoandikwa. Katika kitabu cha mwanachama, kila kikao kina mstari wa visanduku vitano, kwa kuwa hisa zinazoruhusiwa ni moja hadi tano. Aliyenunua tatu anapigiwa mihuri mitatu, na visanduku viwili vilivyobaki vinapigwa mstari palepale. Mstari huo wengi wanaudharau, na ndio unaozuia mtu kuongeza muhuri wiki ijayo. Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Salio la sanduku nalo lisiwe la daftari tu. Kabla ya kufunga, mwenyekiti anatangaza kiasi kilichomo, na wote wanakariri. Kikao kijacho wanachama ndio wanaotaja kiasi hicho kwanza, kisha fedha zinahesabiwa, kisha daftari linasomwa. Daftari likitangulia kusomwa, watu wataitikia tu, na ushahidi wao umekwisha thamani.

Kurithisha kalamu kunataka vikao kama 12 vya mwisho wa mzunguko. Vinne vya kwanza mrithi anakaa kando ya mtunza kumbukumbu na kutaja kwa sauti kila kinachoandikwa. Vinne vinavyofuata anaandika yote kwenye daftari lake la shule, na kabla ya sanduku kufungwa madaftari mawili yanalinganishwa. Vinne vya mwisho anaandika kitabu chenyewe, mzee wa kalamu akikagua. Makosa hutokea zaidi kwenye mikopo kuliko kwenye hisa: mtu amelipa riba, ikaandikwa kama amepunguza deni, au kinyume chake. Mrithi akishapita vikao vitatu vya marejesho bila tofauti, ameiva. Kama kikundi kina mtu mmoja tu anayejua kuandika, msilazimishe zamu. Mwacheni, lakini msomaji wa kitabu kikaoni awe mtu mwingine, hata kijana wa mwanachama anayeheshimika.

Makabidhiano yenyewe yafanyike siku ya kuvunja sanduku, mikopo yote ikiwa imerudi. Siku hiyo deni ni sifuri na mali yote ya kikundi ni noti zilizo mezani. Chukua kikundi cha watu 25, hisa moja shilingi 2,000. Vitabu vya wanachama vina mihuri 3,200, yaani walichoweka ni 6,400,000. Mezani, pamoja na riba na faini, zimehesabiwa 7,680,000. Gawanya kwa 3,200: kila hisa imekuwa 2,400. Mama mwenye mihuri 140 aliweka 280,000 na anaondoka na 336,000.

Sasa tuseme daftari la jumla linasema hisa 3,240. Ukigawanya kwa hizo, hisa inashuka hadi kama 2,370. Kila mtu amepungukiwa shilingi 30 kwa hisa, kiasi ambacho hakuna atakayekigombania, huku karibu shilingi 95,000 zikisubiri mwenye hisa 40 za hewani. Huenda ni kujumlisha vibaya, huenda ni wizi. Kwa mwenye mihuri 140 ni upungufu uleule. Dawa ni kuhesabu mihuri kitabu kwa kitabu, kwa sauti, kabla ya kugusa kikokotoo, na anayehesabu awe mtunza kumbukumbu mpya. Yeye hana sababu ya kulinda daftari la mwaka uliopita.

Kubadilisha viongozi katikati ya mzunguko, mikopo ikiwa nje, ndiko kunakozaa ile kauli ya "mimi nilikuta hivi hivi". Kama ni lazima, kwa msiba au kuhama, kila mdaiwa asimame ataje deni lake mwenyewe mbele ya kikao, liandikwe upya, ndipo funguo na vitabu vikabidhiwe.

Uchaguzi nao una ugonjwa wake. Mwezeshaji anauliza, "Mnaonaje viongozi wetu?" Sauti moja inajibu "Waendelee!", makofi yanapigwa, zamu imekufa. Kura ya kunyoosha mkono mbele ya mtu aliyekuidhinishia mkopo mwezi jana si kura. Weka wagombea angalau wawili kwa kila nafasi, wape mifuko ya rangi tofauti, kila mwanachama aingie nyuma ya pazia na kokoto moja. Binafsi naona vipindi viwili mfululizo vinatosha, kisha mtu apumzike mzunguko mmoja. Ila msiwang'oe mwenyekiti na mtunza kumbukumbu mwaka mmoja, la sivyo kikao cha kwanza kitaongozwa na mtu aliyeondoka, akiwa amekaa nyuma na kusahihisha kila kitu.

Na siku hizi sanduku limehamia kwenye simu. Laini ya kikundi imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenyekiti wa kwanza, kwa kitambulisho chake cha NIDA. Zamu inabadilika kikaoni, laini inabaki mfukoni mwake. Akifariki au akigoma, fedha ziko kwa jina lake. Akaunti ya benki nayo haibadilishi watia saini bila muhtasari wa kikao uliosainiwa, na wapo wanaogundua hilo wiki ya mgao. Kama fedha ziko kwenye simu, tumieni huduma ya kikundi ambapo kutoa fedha kunahitaji idhini ya watu zaidi ya mmoja, na ombi la kubadilisha majina liandikwe siku ileile ya uchaguzi, wanachama wakiwa bado hawajainuka vitini.