Mfuko wa soko la fedha unaouzwa na benki: mambo ya kujua kabla ya kuhamisha akiba

Mteja anayelipwa asilimia 4 kwa mwaka katika akaunti ya akiba, kisha akaona benki yake hiyo hiyo nchini Kenya ikitangaza asilimia 10 katika mfuko wa soko la fedha, anapaswa kuelewa kwanza kwamba pesa zake zitabadilika hali. Akiba ni deni ambalo mteja anaidai benki, na Shirika la Bima ya Amana la Kenya huilinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Mfuko, kwa upande wake, hununua kwa niaba ya wawekezaji wote dhamana za serikali za muda mfupi, amana za muda maalumu na wakati mwingine hati za mikopo ya kampuni, na mwekezaji hupewa vipande vyake. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji humpa leseni meneja, na mali hushikwa na mtunzaji asiye meneja huyo, lakini bima ya amana haihusiki hata kama fomu ilijazwa ndani ya benki.

Tuchukue mfano wa shilingi 200,000. Mali za mfuko zikizaa asilimia 12 na ada ya usimamizi ikiwa asilimia 2, kinachotangazwa kwa kawaida ni asilimia 10, yaani baada ya ada lakini kabla ya kodi. Kodi ya zuio ya asilimia 15 hukatwa kwenye faida, ikabaki asilimia 8.5, ambayo ni shilingi 17,000 kwa mwaka. Akiba ya asilimia 4, baada ya kodi hiyo hiyo, ingeleta 6,800. Tofauti ni kubwa, ila haijahakikishwa: riba ya dhamana za siku 91 ilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya asilimia 9, hivyo mapato ya mifuko nayo yakashuka.

Ninalosisitiza zaidi ni orodha ya mali, ambayo wengi hawaiombi. Maduka ya Nakumatt yaliposhindwa kulipa madeni, mfuko uliokuwa umeyakopesha kupitia hati za muda mfupi ulilazimika mwaka 2018 kusimamisha utoaji wa pesa, na wawekezaji waliodhani wanaweza kuchukua pesa wakati wowote wakasubiri. Kwa hiyo mfuko unaolipa zaidi ya wenzake kwa pointi kadhaa, miezi mfululizo, mara nyingi umekopesha kampuni au benki ndogo zaidi, na taarifa ya mfuko inapaswa kuonyesha ni nani na kwa kiasi gani. Muulize pia mhudumu ni siku ngapi za kazi hupita kati ya ombi lako la kutoa pesa na pesa kuingia kwenye akaunti, kwa kuwa kwa kawaida si papo hapo, na fedha za dharura za wiki hii zibaki kwenye akaunti ya akiba.