Lisi ya ploti ikiisha Kenya

"Lisi ya miaka 99 ya mzee ikiisha, si serikali inampa yeyote inayemtaka?"

Hapana. Ardhi hurudi serikalini, ndiyo, lakini kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa nayo nafasi ya kwanza, mradi ni raia wa Kenya na ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Hiyo "mradi" ndiyo huumiza watu.

Tuseme lisi ilianza 1931: itaisha 2030, na mzee anaomba mapema. Akikataliwa, Kipengele cha 47 cha Katiba kinamstahilisha sababu kwa maandishi. "Tunaihitaji" bila kutaja ni kwa matumizi gani ya umma ni jibu la kupingwa mahakamani.