"Bwana Vladimirovich" hayupo

Juzi nimeisikia tena kwenye taarifa ya habari. Mwandishi wa Moskva anamwuliza swali Rais Putin, anaanza kwa sauti inayosikika vizuri kabisa, "Vladimir Vladimirovich", na mfasiri wetu anatuletea "Bwana Vladimirovich". Hilo nimelikuta pia katika hadithi zilizotafsiriwa, mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kunyamaza.

Kwa kifupi, Mrusi ana majina matatu: lake mwenyewe, la ukoo, na katikati yake otchestvo, yaani jina linaloundwa kutokana na jina la baba. Neno lenyewe limetokana na otets, "baba". La mwanamume kwa kawaida huishia -ovich au -evich, la mwanamke -ovna au -evna. Jina la mtu na otchestvo yake yakitamkwa pamoja, bila ukoo na bila "bwana", hiyo ndiyo heshima ya kila siku kwa mwalimu, daktari, mkuu wa kazi au mama mkwe.

Nadhani kosa linaanzia kwenye michezo. Tumemzoea Djokovic, tumemzoea Abramovich aliyekuwa akiimiliki Chelsea, basi tukisikia -vich tunadhani ni ukoo. Djokovic ni Mserbia, na kwa Waserbia mwisho huo uliganda zamani ukawa wa majina ya ukoo. Abramovich nalo ni jina la ukoo. Lakini mtu huyohuyo ana otchestvo yake, Arkadyevich, kwa kuwa baba yake aliitwa Arkady. Anayemheshimu kwa Kirusi humwita Roman Arkadyevich. Kwa hiyo mwisho wa neno peke yake hautoshi kukuambia kitu. Tazama limekaa wapi.

Na asili yake ina utamu. Petrov maana yake ni "wa Petro", na -ich iliyoongezwa mwishoni mwake ni alama ya mtoto. Zamani mtu wa kawaida aliandikwa Ivan Petrov syn, "Ivan, mwana wa Petro". Ile -vich kamili ilikuwa cheo: enzi za Malkia Katerina wa Pili, katika nyaraka za serikali waliandikwa nayo maofisa wa ngazi tano za juu tu. Leo karibu kila raia anayo, lakini harufu ya heshima imebaki humo humo. Ukimwongezea "bwana" unaweka kilemba juu ya kilemba.

Anayeshikilia kwamba otchestvo ni ukoo aitazame familia ya Lenin. Baba alikuwa Ilya Ulyanov. Wanawe wa kiume, kama Vladimir, ambaye ndiye Lenin, na Dmitri, ni Ilyich. Dada yao Maria ni Ilyinichna. Mkewe Lenin, Nadezhda, alibaki Konstantinovna hata alipoolewa, maana mume hambadilishii mtu baba.

Sasa mazungumzo ya hadithi. Wapo wanaokimbilia "Anna binti Petro". Maana ni sahihi, lakini hiyo ni lugha ya hati ya nikaha. Hakuna anayemwita jirani hivyo akimkaribisha chai. Wengine, kwa kuwa Mrusi humwambia mkubwa wake vy, neno ambalo pia ni "ninyi", huandika "Mmeshakula, Anna Petrovna?" na msomaji anaanza kutafuta mtu wa pili mezani.

Mimi ningeacha Anna Petrovna kama alivyo, na heshima niipitishe kwenye Kiswahili kinachomzunguka. Kijana wa ofisini aseme, "Shikamoo, Anna Petrovna. Umeshapata chakula?" Mumewe jioni aseme, "Anya, umekula?" Vitenzi vyetu vyote viwili vina u-, kwa hiyo tofauti ya vy na ty, neno la kumwambia mtu wa karibu, haiwezi kukaa pale, itakaa kwenye shikamoo, kwenye "kupata chakula", na kwenye jina. Anya ni Anna, kama Dula alivyo Abdallah. Mtaje kwa majina yote mawili karibu karibu mara ya kwanza, msomaji atashika.

Usiyasawazishe majina hayo ili kumrahisishia msomaji. Siku yule kijana wa ofisini atakapoteleza aseme "Anya", mlango wa nyumba utakuwa umefunguka au tusi limetoka, na aliyeandika "Anna" kuanzia mwanzo hadi mwisho ameufuta ukurasa huo wote.

Yule mfasiri wa habari alikuwa na njia mbili, zote nyepesi. Angesema "Mheshimiwa Rais", kama mwandishi wa kwetu angesema mahali pale. Au angeyaacha majina yote mawili kama yalivyotamkwa, Vladimir Vladimirovich, bila "bwana".