Jamani, mafuta hayana VAT

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya, hapa Mwanjelwa lazima utamsikia mtu anasema "serikali imepandisha tena VAT ya mafuta." Hiyo VAT haipo. Petroli, dizeli na mafuta ya taa Bara yamesamehewa VAT, kinachokatwa pale ni ushuru wa bidhaa pamoja na tozo zake, kama ile ya mfuko wa barabara.

Kwa kifupi, VAT kwa kawaida ni asilimia 18 ya bei, inagusa karibu kila kitu na haijali unanunua sabuni au simu, kazi yake ni kukusanya hela basi. Ushuru wa bidhaa unachagua vitu vichache, mafuta, bia, sigara, kwa sababu vina madhara au gharama ambayo mtu mwingine anaibeba, barabara inachimbika, hospitali inajaa. Kwenye hivyo hauangalii bei, unaangalia kiasi: kwa lita, au kwa sigara elfu moja. Chukua mfano tu, lita ikitoka 2,000 ikafika 3,000 kabla ya kodi, VAT ingepanda yenyewe kutoka 360 hadi 540, lakini ushuru wa lita unabaki ulipo mpaka Bunge libadilishe. Kwahiyo Mbeya kuwa ghali kuliko Dar ni nauli ya lori hiyo, ushuru ni uleule.

Na kingine, mwenye malori akisajiliwa VAT anaweza kujirudishia ile aliyolipa kwenye matairi, ila ushuru wa dizeli ukishalipwa umeenda, anaubeba yeye au anakutupia wewe kwenye nauli.

Mnakumbuka uchakachuaji? Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru wa sh 52 kwa lita, dizeli 314, na kwa mtu asiyejua yanachanganyika vizuri tu, basi watu wakawa wanachanganya wanauza kama dizeli, malori ya njia ya Tunduma yakaua pampu na nozeli. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ya taa hadi 400.30 na kushusha dizeli hadi 215, faida ya kuchanganya ikafa hapohapo. Wa koroboi kule Makete na Ileje ndo walioumia, na mimi naona hawakutendewa haki, lakini hesabu ilifanya kazi. Sasa VAT ungeifanyia hivyo vipi, wakati asilimia yake haichagui taa wala dizeli?

Kwenye bia zipo zote mbili, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa: ushuru unawekwa kwanza kiwandani, halafu VAT inapigwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingia, yaani kodi juu ya kodi. Ukitaka kuilalamikia VAT ilalamikie hapo kwenye bia, ila kwenye sheli sema ushuru na tozo, tutaelewana.