Bahasha Isiyo na Jina la Nchi: Postikodi Inasema Nini na Haisemi Nini

Mama mmoja wa Chumbageni alifika dirishani kwetu hapa posta ya Tanga akiwa na bahasha ya kaki iliyorudi. Ndani yake kulikuwa na nakala za cheti cha kuzaliwa, ambazo binti yake alizihitaji huko aliko. Juu ya bahasha palibandikwa kile kibandiko cha CN 15 ambacho posta za nchi zote hutumia kurudisha barua, na sababu iliyowekewa alama ni kwamba anwani si sahihi. Mama alikuwa amekasirika, akiamini kuwa sisi ndio tuliokosea. Nilimwomba anionyeshe ile karatasi ambayo binti aliandika anwani kwa mkono wake. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: 21100 Varese VA. Jina la nchi halikuwepo.

Malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi, ndiyo maana naandika. Watu wanapiga picha anwani kwenye simu, wanakata mstari wa chini, kisha wanakuja kutuma. Wengine wanatuambia, "Si postikodi ipo? Kompyuta yenu itajua." Haijui. Kila nchi hupanga postikodi zake yenyewe, na hakuna chombo cha dunia kinachozigawa ili zisigongane. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi, unahimiza jina la nchi liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mstari wa mwisho kwa sababu hiyo hiyo.

Chukua namba zetu wenyewe. Postikodi za Mkoa wa Tanga zina tarakimu tano na huanza na 21. Sasa 21000 ni Dijon, Ufaransa. 21335 ni Lüneburg, Ujerumani. 21201 ni Baltimore, Marekani. 21100 ni Varese, Italia. Zote ni tarakimu tano na zote zinaanza na 21. Kwa hiyo anayekwambia kwamba tarakimu tano ni Marekani anakupoteza. Kenya nao wanazo tano: 80100 ni Mombasa, 00100 ni Nairobi.

Kinachosaidia zaidi kuliko namba yenyewe ni mahali ilipokaa. Ufaransa, Ujerumani, Italia na Hispania huandika namba kwanza, kisha mji: 21000 Dijon. Marekani huandika mji, kisha kifupisho cha jimbo chenye herufi mbili, ndipo namba: Baltimore MD 21201. Ukiona kistari na tarakimu nne zaidi baada ya zile tano, hiyo mara nyingi ni Marekani. Kenya mara nyingi namba hufuata sanduku la barua, ikitengwa kwa kistari, halafu mji: S.L.P. fulani – 80100, Mombasa.

Turudi kwa mama. Mpwa wake, kijana mwenye nia njema kabisa, aliona VA akakumbuka kwamba VA ni Virginia. Akaandika chini kwenye bahasha: Marekani. Na kweli, VA ni kifupisho cha Virginia. Lakini anwani yenyewe ilikuwa na dalili tatu za kumzuia. Kwanza, namba ilitangulia mji, na Wamarekani hawaandiki hivyo. Pili, postikodi za Virginia huanza na 201, au na kitu kati ya 220 na 246. Inayoanza na 211 ingeangukia Maryland, jimbo jirani. Herufi zikisema jimbo hili na namba ikisema lile, basi mmoja anadanganya, na hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Tatu, mtaa uliandikwa kwa kuanza na neno Via, ambalo ni barabara kwa Kiitaliano. Waitaliano huandika namba, kisha mji, kisha herufi mbili za mkoa. VA kwao ni mkoa wa Varese wenyewe.

Herufi zikichanganyika na namba, kazi huwa nyepesi. Uingereza sehemu ya pili ni tarakimu moja na herufi mbili, kama SW1A 1AA. Kanada herufi na tarakimu hupokezana mwanzo hadi mwisho, kama K1A 0B1. Uholanzi ni tarakimu nne, nafasi, na herufi mbili. Vistari navyo vina maana: Poland huandika mbili kwa tatu, 00-001; Ureno nne kwa tatu; Japani tatu kwa nne; Brazili tano kwa tatu. Ila tarakimu tano zilizogawanywa kwa nafasi, tatu kisha mbili, zinaweza kuwa Sweden, Ucheki, Slovakia au Ugiriki. Hapo jina la mji ndilo litakalokata shauri. Tarakimu sita zinaweza kuwa India, China, Urusi, Singapore au nchi nyingine. Falme za Kiarabu hazina postikodi kabisa, wanatumia masanduku, kwa hiyo msitubunie namba ili fomu ya mtandaoni ikubali.

Kuna mtego mmoja ninaouona sana kwenye orodha za wafanyabiashara wanaotuma bidhaa. Orodha ikiwekwa kwenye jedwali la kompyuta, sifuri ya mwanzo hudondoka. Boston MA 02108 inabaki 2108, nayo inafanana kabisa na postikodi ya Australia, ambako pia namba hukaa baada ya mji na kifupisho cha jimbo. Nairobi 00100 inabaki 100. Ukiona namba fupi kuliko ilivyotarajiwa, rudisha sifuri kichwani kabla ya kuamua nchi. Na kumbuka kwamba postikodi hufuata mtandao wa posta, si lazima mipaka ya dola: Vatikani ni 00120, namba iliyo ndani ya mpangilio wa Italia.

Dalili hizi ni za kukufikisha kwenye swali sahihi. Hazikupi ruhusa ya kuandika nchi kwa kukisia. Ukishakisia, ingiza namba na mji kwenye ukurasa wa kutafuta postikodi wa posta ya nchi hiyo, uone kama vinakubaliana pamoja na mtaa. Kisha muulize mpokeaji. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, na ni nafuu kuliko kulipa gharama ya kutuma mara mbili, kwa sababu bahasha ikirudi kwa kosa la anwani, ulicholipa hakirudi.

Kama umeshatuma na sasa umegundua kosa, njoo mapema. Fomu ni CN 17, ya kuomba kurejeshewa au kurekebishiwa anwani kabla barua haijakabidhiwa. Njoo na risiti ya kutuma na kitambulisho. Ada ipo, na hatuwezi kuahidi kwamba ombi litaiwahi barua. Kama haijafika na haijarudi, ulizo linafunguliwa kwa fomu CN 08 ndani ya miezi sita, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Ikipita miezi sita haipokelewi, hata ukija na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Bila risiti yenye namba ya rajisteri hatuna pa kuanzia kutafuta.

Mama yule alimpigia binti yake simu pale pale dirishani, akiwa ameweka sauti ya nje. Binti alicheka, kisha akanyamaza alipoelewa kwamba nakala zake zilikuwa zimevuka bahari bure. Tulichukua bahasha mpya. Mama aliandika mwenyewe, taratibu, 21100 Varese VA, na chini yake, kwa herufi kubwa: ITALIA – ITALY.