Stichi ya kurudi kwenye shanga ni nini, na kwa nini mstari wako unapinda

Ukiona gauni lina shanga shingoni na mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, au kuna mahali uzi unaonekana mtupu bila ushanga, mara nyingi tatizo sio shanga mbovu wala mkono mzito. Ni kwamba aliyeshona amepiga bandi tu, yaani sindano juu, shanga kadhaa, sindano chini, anasonga mbele hivyo hivyo mpaka mwisho. Dawa yake ni stichi ya kurudi. Maana yake ni kwamba kila ukishona shanga chache kwenda mbele, unarudisha sindano nyuma unapita tena ndani ya shanga za mwisho kabla hujaendelea, basi.

Namba ninayoipenda mimi ni nne mbele, mbili nyuma. Unatoa sindano juu ya kitambaa, unaingiza shanga nne, unazilaza juu ya mstari uliochora, unazisukuma kwa kidole zigusane na pale uzi ulipotokea, alafu unazamisha sindano pale pale ushanga wa nne unapoishia. Sasa upo chini ya kitambaa. Unarudi nyuma unatokea juu katikati ya ushanga wa pili na wa tatu, unapita ndani ya wa tatu na wa nne kwa mara nyingine, na sindano ikitoka mbele ya wa nne unaingiza zingine nne. Ukifanya hivi mstari wote, uzi unashika kitambaa kila baada ya shanga mbili, na nusu ya shanga zina uzi uliopita mara mbili. Ndio maana zinakaa, kwa sababu ushanga uliobanwa karibu pande zote mbili hauna pa kuhamia, wakati kwenye bandi shanga nne au tano zinaning'inia kwenye uzi mmoja mrefu na kila ukikaa, ukiinama, ukikumbatiwa, ule uzi unalegea kidogo.

Hii kitu niliijua kwa uchungu. Niliwahi kumshonea dada mmoja gauni la send-ofu, mistari miwili ya shanga shingoni, bandi ya uzi mmoja kwa sababu nilikuwa nakimbizana na muda. Pete ya mtu ilinasa uzi wakati wa kupeana mikono tu, na zile shanga zikamwagika sakafuni nusu shingo nzima manake uzi ulikuwa mmoja toka mwanzo mpaka mwisho bila fundo hata moja katikati. Mama mkubwa wangu alivyolipindua lile gauni akaangalia upande wa ndani akasema, "Mwanangu, shanga hizi hujazishona, umezianika." Akanikalisha akanionyesha kurudi.

Tuchukue shingo ya duara ya gauni la satini, mzunguko sentimita 40, shanga za namba 8/0 ambazo ni zile za kama milimita 3 (kumbuka namba ikipanda ushanga unakuwa mdogo, 11/0 ni kama milimita 2). Usipige hesabu kwa kugawanya na 3, ushanga ni mnene kuliko ulivyo mrefu, kwa hiyo kwenye mstari unakula nafasi ndogo zaidi. Zitunge kwenye uzi zifike sentimita 5, uzihesabu, ndio uzidishe. Zikiwa 25 basi mzunguko mmoja unataka kama 200, ongeza kidogo za kutupa, kwa sababu kila pakiti ina zilizovimba na zenye tundu nusu, na ushanga mmoja mnene katikati ya wembamba unatosha kusukuma mstari pembeni. Mimi nazimwaga kwenye sahani nazichagua kwanza, ni kazi ya kuchosha lakini ndio inayonyoosha mstari kuliko kitu kingine chochote.

Satini peke yake haibebi shanga, inajikunja, kwa hiyo gamstifu, kile kitambaa kigumu cha kuimarisha, kwa nyuma ni lazima. Mstari unauchora kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kile chembamba cha mwisho wa mche, kinaacha alama nyeupe na inatoka. Uzi uwe wa poliesta au nailoni laini, mara mbili, umeupitisha kwenye nta ya nyuki, na usizidi urefu wa mkono wako, mrefu zaidi unajisokota na unachakaa kwa kusuguana na matundu. Mshipi wa kuvulia samaki wengi wanautumia, kwa kutunga mkufu sawa, ila kwenye nguo mimi siupendi, fundo lake linateleza na ule ugumu wake unazuia shanga kulala. Sindano iwe nyembamba, ipite kwenye tundu mara tatu bila kulazimisha, ukilazimisha ushanga unapasuka na uzi unakatika.

Kwenye shingo ya duara ile nne kwa mbili haifanyi vizuri pale kona inapobana, shanga nne ni fimbo iliyonyooka na wewe unataka upinde, kwa hiyo shuka mpaka mbili mbele, moja nyuma. Ukifika pale pamenyooka rudi kwenye nne.

Kosa linalosumbua zaidi ni pale unapozamisha sindano. Ukizamisha karibu mno, kabla ushanga wa nne haujaisha, shanga zinabanana na zinapanda mgongo, unaona kabisa zimeinuka kama daraja. Ukizamisha mbali panabaki pengo na shanga zinacheza. Ukivuta uzi sana kitambaa kinakunjamana katikati ya stichi, hapo usiendelee ukidhani pasi itanyoosha, fumua zile nne urudie. Na mstari wa pili usiubanishe na wa kwanza, acha upana wa ushanga mmoja kutoka katikati ya mstari mmoja hadi katikati ya mwingine, vinginevyo wa pili unapanda juu ya wa kwanza.

Kila baada ya shanga 20 hivi napiga fundo dogo nyuma kwenye gamstifu alafu naendelea na uzi ule ule, ili siku ukikatika hasara iwe ya kipande kile tu. Mstari ukiisha, kabla ya kufunga, pitisha sindano ndani ya shanga zote tena toka mwisho mpaka mwanzo, tano tano au sita sita, bila kugusa kitambaa. Hapa ndipo utashangaa, zile zilizokuwa zimeegemea kushoto na kulia zinajipanga zenyewe kwa sababu sasa kuna uzi mmoja umepita kwenye matundu yote. Usiuvute kwa nguvu tu, hasa kwenye duara, utaivuta shingo yote iwe ndogo.

Kama unatumia vile vijiti virefu vya kioo, ncha zake zinakata uzi kama wembe, kwa hiyo weka ushanga mdogo wa duara kila upande wa kijiti ndio uzi ukunjie hapo.

Kujua kama imeshika, pitisha ukucha kwa pembeni ya mstari. Ushanga utatikisika kidogo lakini hautateleza kwenda kwa jirani yake. Alafu pindua nguo: kwa nyuma uone stichi fupi fupi zinazolingana, kila moja kama urefu wa shanga mbili, na ukiona mahali kuna pengo refu lisilo na stichi, hapo ulisahau kurudi.