Je, wajua kwa nini kikapu cha duara hutoka kombo kwenye picha ya simu?

"Nasuka vikapu vya rafia hapa Kampala. Ukikishika ni duara safi, lakini kwenye picha mdomo unakuwa mkubwa na sehemu ya nyuma inasinyaa. Wateja wanauliza kama kimepinda. Tatizo ni simu yangu?"

Hapana dada, umekisogelea mno. Kamera kuu ya simu huona eneo pana, kwa hiyo mtu hukaribia ili kikapu kijae kioo. Tuseme kikapu kina upana wa sentimita 30 na umekipiga kwa ubavu, simu ikiwa sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele. Ukingo wa nyuma uko sentimita 60, umbali mara mbili, kwa hiyo unaonekana nusu ya ukubwa wa ule wa mbele. Sasa rudi nyuma hadi mita 1 na sentimita 20. Ukingo wa mbele uko 120, wa nyuma 150, na tofauti imebaki kidogo tu. Duara limerudi.

Kikapu kitaonekana kidogo katikati ya picha. Usijali, utakikata baadaye. Picha ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4,000 kwa upande mrefu, na kipande cha mraba chenye pikseli 1,000 kinatosha kioo cha simu ya mteja. Kwa bango la kuchapishwa hakitoshi. Kata kwa mraba, maana kurasa nyingi za kuuzia huonyesha picha hivyo, na usipokata mwenyewe zitakukatia ukingo. Acha nafasi kidogo pande zote.

Pembe inategemea umbo. Sinia bapa lenye nakshi lipige kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba nalo. Ikiinama kidogo tu, duara linakuwa yai. Kikapu chenye kina kipige kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ili mteja aone nakshi ya ndani na urefu wa ubavu kwa pamoja.

Kwenye rangi ndipo wengi huharibu. Ukipiga uani penye udongo mwekundu, mwanga unaorudi kutoka chini hupaka rafia nyeupe wekundu. Kaa kivulini karibu na mlango, tandika kitambaa cheupe, gusa kikapu kwenye kioo ndipo upige. Katika kuhariri, sogeza "Warmth" hadi kitambaa kionekane cheupe kweli. "Saturation" iache ilivyo: ukiipandisha, zambarau iliyotiwa kwa rangi ya kuchemsha inawaka kuliko ilivyo, na mteja wa Mbarara atakayepokea kikapu kwa basi atasema si kile alicholipia. Kabla ya kutuma, weka simu kando ya kikapu pale pale mlangoni, ulinganishe rangi moja moja.